Naomba ushauri: faida ya kuuza boti na hesabu ya kodi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nafunga hesabu za kampuni ya maboti hapa Lamu. Boti ya kuvusha wageni kwenda Shela ilinunuliwa shilingi 2,000,000, uchakavu umefika 1,200,000, kwa hiyo kitabuni imebaki 800,000. Tumeiuza 950,000, nikaandika faida 150,000. Hapo sina shaka.

Tatizo ni kodi. Kwenye hesabu ya kodi, baada ya nafuu za uchakavu za miaka yote, thamani ya boti ilibaki 600,000 tu. Basi nimeitoa ile 150,000 kwenye faida, nikaongeza 350,000, yaani 950,000 kutoa 600,000; faida ya kodi imepanda kwa 200,000. Tajiri analalamika tunatozwa mara mbili.

Je, marekebisho haya ni sawa? Na dalali alichukua 30,000, imekaa kwenye gharama za ofisi: niitoe kwenye bei ya mauzo?