Sukuma ya oganiki kwa bei mara nne: nalipia nini hasa?

MamaZawadi_Ruaka
Hamjambo wanajamvi. Kuna muuzaji hutuletea mboga hadi getini. Pakiti yake ya sukuma ni shilingi 80, na mama mboga wa hapa kwenye kona hunipa fungu la kiasi hichohicho kwa 20. Pakiti imeandikwa "oganiki, asilia, bila kemikali" na imechorwa jani la kijani. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu na hula sukuma karibu kila siku, ndiyo maana nina wasiwasi. Maneno hayo huthibitishwa na nani? Na je, kweli mboga hiyo ina vitamini zaidi?

Mkulima_Githunguri
Mama Zawadi, lipa tu. Mbolea ya dukani hufanya jani linenepe kwa maji, tofauti na samadi. Na kuitambua ya oganiki ni rahisi: tafuta matundu. Jani lenye matundu halijapigwa dawa, kwa sababu mdudu naye anajua sumu.

MkaguziMstaafu
Hapo kwenye matundu, kaka, sikubaliani nawe. Tundu halizibiki. Mdudu akila Jumatatu na mkulima akanyunyiza Jumanne, Jumatano utauziwa jani lenye matundu na dawa pia. Na jani zima huenda limetoka shamba lililofunikwa wavu.

Mama Zawadi, maneno "asilia" na "bila kemikali" hayakupi uhakika wowote. Hata kilimo hai kilichothibitishwa huruhusu baadhi ya dawa, kama za pareto na mwarobaini, na shaba kwa masharti. Kinachokatazwa ni mbolea na dawa za kutengenezwa viwandani, pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Alama ya kutafuta ni Kilimohai. Afrika Mashariki ina kiwango kimoja cha kilimo hai tangu 2007, na alama hiyo hutolewa chini ya kiwango hicho. Hapa Kenya inasimamiwa na KOAN, mtandao wa kilimo hai nchini. Mkulima huipata kwa kukaguliwa na shirika la ukaguzi, au kupitia kikundi cha wakulima wanaokaguana kwa utaratibu unaotambuliwa. Jani la kijani lolote anaweza kulichora.

Mwombe muuzaji cheti, kisha usome kilichoandikwa ndani. Cheti hutaja shamba, hutaja mazao, na kina tarehe ya kuisha. Nilipokuwa kazini nilikagua shamba lenye cheti halali cha mitishamba ya jikoni, lakini mwenyewe alikuwa anauza na sukuma kwa jina la cheti kilekile. Nikaomba daftari la mavuno na vitabu vya risiti. Daftari lilionyesha kama kilo 40 za sukuma kwa wiki, risiti zikaonyesha 90. Kilo 50 zilizozidi zilikuwa za majirani, na majirani hawakuwa wamekaguliwa na mtu.

BabaKevo
Na haibridi je? Mimi nimeacha kabisa kununua nyanya kubwakubwa kwa sababu ni haibridi, si oganiki.

MkaguziMstaafu
Baba Kevo, haibridi ni mimea miwili iliyochavushwa kwa makusudi. Mkulima wa kilimo hai anaweza kuipanda, mradi mbegu isiwe imepakwa dawa iliyokatazwa. Ukubwa wa nyanya hauonyeshi ilivyolimwa.

Lishe_Umoja
Nijibu la vitamini, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mkulima wa Githunguri ana sehemu ya ukweli. Mmea unaopewa naitrojeni nyingi hukua haraka na hulimbikiza naitreti zaidi, na kwa kawaida hutengeneza kidogo zile kemikali unazojikinga nazo, ambazo nyingine ni vioksidishaji-pinzani. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle walikusanya machapisho 343 na kukuta mazao ya oganiki yana vitu hivyo zaidi kwa wastani, na kadimiamu, metali yenye sumu, kidogo. Lakini miaka miwili kabla yao, timu ya Stanford ilipitia tafiti zaidi ya 200 na haikupata ushahidi wa kutosha kwamba vyakula vya oganiki vina lishe bora kwa jumla. Kwa hiyo wanasayansi wenyewe bado wanabishana, na hata palipo na tofauti, bado haijaonyeshwa kwamba mlaji anakuwa na afya bora kwa sababu yake. Ambapo timu zote mbili zinakubaliana ni mabaki ya dawa: kwenye oganiki hupatikana mara chache zaidi.

Kalisi, vitamini K na ile rangi inayogeuka vitamini A mwilini hutegemea zaidi aina ya mboga, umri wa jani na udongo. Vitamini C nayo huanza kupotea jani likichumwa, na joto huiharakisha. Pakiti ya oganiki iliyozunguka siku tatu kwenye pikipiki na jokofu inaweza kuwa na vitamini C kidogo kuliko fungu lililochumwa jana jioni Limuru. Halafu tunakatakata laini ndipo tunaosha, na vitamini C ni ya kuyeyuka kwenye maji. Osha majani mazima, ukate ukiwa tayari kupika, maji kidogo, moto wa muda mfupi. Hiyo haikugharimu hata senti, na pengine inamsaidia mtoto kuliko shilingi 60 unazoongeza.

MamaMboga_Kangemi
Mimi niseme la kweli kutoka kibandani. Nikinunua Marikiti alfajiri sijui shamba ni la nani. Na sukuma si kabichi. Kabichi unaikata mara moja, kwa hiyo mkulima anaweza kuacha dawa ikaisha nguvu. Sukuma inachumwa mti uleule kila wiki. Kibandiko cha dawa kinasema subiri siku kadhaa kabla ya kuvuna, lakini broka amekuja na gari na ada ya shule inasubiri, basi anachuma. Siku hizi nimepata mkulima mmoja Kikuyu ambaye huniambia wiki aliyonyunyiza, na wiki hiyo nauza managu na terere za kwingine. Wateja wamezoea.

Lishe_Umoja
Asante sana, mama. Hapo ndipo penye hoja kubwa kuliko vitamini. Wengine wakumbuke kwamba kuosha huondoa sehemu ya dawa iliyo juu ya jani, lakini dawa inayofyonzwa na mmea haitoki kwa maji.

MamaZawadi_Ruaka
Nimemwandikia muuzaji. Ametuma picha ya cheti cha mwaka huu. Mazao yaliyotajwa ni stroberi, rosemari na mnanaa. Sukuma haipo. Anasema shamba la sukuma "liko njiani kuwa oganiki".

MkaguziMstaafu
Basi kwa leo sukuma hiyo haina uthibitisho. Kuna kipindi cha mpito ambacho shamba lazima lipitie, na kabla hakijaisha halina haki ya kuuza zao hilo kama oganiki. Huenda ni mkulima mzuri, lakini bei ya 80 anaidai mapema mno. Muulize lilianza lini kukaguliwa na nani anakagua. Akiwa anasema kweli, majibu anayo.

Mkulima_Githunguri
Hapo kwenye cheti nimekubali. Kwenye samadi bado nashikilia, ladha ya sukuma yangu watu wanaijua.

MamaZawadi_Ruaka
Nitamuuliza. Kwa sasa narudi kwa mama mboga, ila yeye hununua kwa wanaolima kando ya mto kule chini, na maji ya pale yana harufu ya maji taka. Hilo nalo linaoshwa?

Lishe_Umoja
Vijidudu, kwa kiasi, na kupika vizuri huviua. Risasi na kadimiamu zikishaingia ndani ya jani hazioshwi wala hazipikiki zikaisha. Dada, sukuma ya pale usimpe mtoto, hata ikiwa haijawahi kuonja dawa. Mwombe mama mboga akuchukulie ya kutoka upande wa juu, Limuru au Kinangop.

MamaMboga_Kangemi
Na akikuambia ni ya Limuru, muulize ilifika na gari la nani na saa ngapi. Ya mtoni huletwa kwa mkokoteni mchana.