Tupeane uzoefu: namba, vitone au jedwali? Maelezo ya jenereta yamenishinda

Mlinzi_wa_Zamu
Wakuu, nimepewa kazi ya kupanga upya maelezo ya jenereta zetu kazini. Aliyeniachia aliandika bila kupumua:

"Jenereta ziko tatu, kubwa ya dizeli kilowati 10, ya kati petroli kilowati 5, ndogo petroli kilowati 2. Angalia oili, ikiwa chini ongeza. Uwe na tochi, faneli na kitambaa. Fungua koki ya mafuta, vuta choki, vuta kamba, ikiwaka rudisha choki polepole, iache dakika tatu ndipo uwashe swichi ya umeme. Kubwa inawashwa kwa ufunguo."

Nimeweka kitone kila penye koma au nukta, nimepata utitiri wa mistari na bado haisomeki. Wenzangu mliwahi kukwama hapa mlifanyaje?

Kalamu_Butu
Weka namba kila mahali, umemaliza. Mtu akipiga simu usiku "nimekwama namba 6" unajua yuko wapi. Mimi vitone niliachana navyo zamani.

Bi_Mpangilio
Kalamu, hilo la simu ni kweli, hata mimi huweka namba kwenye orodha isiyo na mfuatano kama najua watu wataitaja. Ila niliwahi kuweka namba kwenye vifaa vya kubeba, kijana mmoja akasimama namba 2 kwa sababu hakukiona kifaa hicho, akaona hana ruhusa ya kuendelea. Namba inamwambia mtu kuna kutangulia na kufuata.

Mlinzi, mimi huwa nachanganya mistari makusudi kisha nasoma tena. Weka "washa swichi ya umeme" juu ya "vuta kamba" uone: mashine inabebeshwa mzigo kabla haijatulia. Mpangilio umevunjika, basi hapo ni namba. Sasa changanya tochi, faneli, kitambaa. Hakuna kilichoharibika, hapo vitone, na viwe juu ya hatua, maana mtu anavihitaji kabla hajaanza.

Sentensi ya kwanza ni kitu kingine kabisa. Mashine tatu, na kila moja inajibu maswali yaleyale: mafuta gani, nguvu kiasi gani. Nikiona maswali yanajirudia hivyo nachora jedwali:

```
| Jenereta | Mafuta  | Nguvu | Kuwasha |
|----------|---------|-------|---------|
| Kubwa    | dizeli  | kW 10 | ufunguo |
| Ya kati  | petroli | kW 5  | kamba   |
| Ndogo    | petroli | kW 2  | kamba   |
```

Safu ya mwisho nimeiongeza mimi, kutokana na ile sentensi iliyojificha mkiani. Na ona ilichofichua: zile hatua za choki na kamba ni za mashine mbili tu. Ya dizeli haina choki. Hatua zake ziko wapi?

Mlinzi_wa_Zamu
Duh. Hazipo popote. Nimesoma aya hiyo mara kumi sikuliona.

Juma_Nukta
Jedwali la yaliyomo linahitaji namba za kurasa, na hati yako ni ukurasa mmoja. Kwa nini ujisumbue?

Bi_Mpangilio
Kaka Juma, hatuzungumzii yaliyomo. Ni safu na mistari.

Tumaini_Kibodi
Mimi kilichonitesa ni namba kuanza upya. Ninaandika kwa Markdown, yale maandishi yenye alama ambazo programu huzigeuza kuwa mpangilio, na kila hatua naipa `1.` ili programu ihesabu yenyewe. Niliingiza onyo kati ya hatua ya 3 na ya 4, nikalianzisha ukingoni kabisa. Orodha ikakatika, ya 4 ikatokea kama 1. Watu wakadhani ni kazi mpya. Dawa yake ni kulisogeza onyo ndani kwa nafasi tatu, liwe mali ya hatua ya 3:

```
1. Vuta kamba.

   Isipowaka mara tatu, kagua koki.

1. Rudisha choki polepole.
```

Jedwali nalo lijaribu kwanza mahali utakapolitumia. Markdown ya mwanzo haikuwa na majedwali, kwa hiyo baadhi ya programu zitakuonyesha mistari ya wima mitupu. Hata zinazoyakubali, ukisahau ule mstari wa vistari chini ya vichwa, hupati jedwali.

Kalamu_Butu
Na wanaosoma kwa simu? Safu nne kwenye kioo kidogo ni kuburuta kushoto kulia. Bora kila mashine iwe na kichwa chake na vitone chini yake.

Bi_Mpangilio
Kwa safu nne za neno mojamoja sioni shida. Ukianza kuandika sentensi nzima ndani ya kisanduku, hapo nakuunga mkono, ivunje.

Kalamu_Butu
Bado sijashawishika.

Mlinzi_wa_Zamu
Nimelibandika jedwali ukutani kwa karatasi. Orodha ya namba ya petroli iko chini yake. Ya dizeli nimeacha kichwa tu, mpaka nimpate fundi aiwashe mbele yangu niandike anavyofanya.