Tupeane uzoefu: ni lini uligundua kwamba mchapuko hasi si lazima uwe upunguaji wa mwendo?

Mwalimu wa Jioni
Ndugu wanajamvi, ninafundisha fizikia kidato cha tatu, na juzi niliwapa wanafunzi swali moja fupi. Gari linarudi nyuma, upande wa mbele tumeuita chanya, velositi yake ni −4 m/s na mchapuko ni −2 m/s². Je, linaongeza mwendo au linapunguza? Wengi waliandika kwamba linapunguza, kwa sababu waliona alama ya kutoa kwenye mchapuko. Niliwaomba wahesabu sekunde moja mbele, wakapata velositi ya −6 m/s, na hapo darasa likanyamaza, maana spidomita ya gari hilo ilikuwa inasoma 4 na sasa inasoma 6. Naomba kila mmoja aeleze jambo hili lilimfungukia vipi.

Mhitimu wa Zamani
Shikamoo mwalimu. Mimi nilifundishwa kwamba mchapuko hasi ni breki, na kwa maswali yote ya gari linalokaribia taa nyekundu kanuni hiyo haijawahi kuniangusha. Nadhani swali lako ni la mtego tu.

Mama Fizikia
Mhitimu, kanuni yako haikukuangusha kwa sababu magari yote hayo yalikuwa yanakwenda upande ulioitwa chanya. Mimi lilinifungukia kwa mpira uliorushwa wima. Urushe kwa 20 m/s, chukua juu kuwa chanya, na mchapuko wa mvutano wa dunia uwe −10 m/s² kwa kukadiria. Baada ya sekunde 1 velositi ni 10, baada ya 2 ni sifuri, baada ya 3 ni −10, na baada ya 4, ukirudi mkononi, ni −20. Mchapuko haukubadilika hata mara moja safari nzima, lakini mpira ulipokuwa unapanda spidi ilipungua, na ulipokuwa unashuka spidi iliongezeka. Kilichobadilika ni alama ya velositi. Kwa hiyo mimi huzisoma alama mbili kwa pamoja: zikifanana, kitu kinaongeza mwendo, hata kama zote ni hasi, zikipingana, kinapunguza. Ukigeuza na kuita chini chanya, alama zote zitageuka, ila jibu litabaki lile lile, na hiyo ndiyo njia yangu ya kujihakiki.

Dereva wa Masafa
Samahani, mimi si mtu wa darasani. Nilipeleka mzigo Dodoma kutoka Dar es Salaam, takriban kilomita 450, nikarudi, jumla saa 18 za kuendesha. Kijana wangu anasema velositi yangu ya wastani ni sifuri. Nitakuwaje na sifuri na dizeli imekwisha?

Mama Fizikia
Kaka Dereva, hilo ni swali la wastani na si la kuongeza mwendo, ila kijana yuko sahihi. Spidi yako ya wastani ni kilomita 900 kwa saa 18, yaani 50 kwa saa. Velositi huangalia umeishia wapi ukilinganisha na ulikoanzia, nawe umeishia pale pale. Dizeli hufuata barabara uliyopita.

Kijana wa Bodaboda
Nami nina langu. Kwenye kona ndefu karibu na kituo chetu ninashikilia 40, sigusi breki wala siongezi mafuta, mshale umetulia kabisa, lakini abiria analalamika kwamba anavutwa pembeni. Alama zangu ni zipi hapo?

Mwalimu wa Jioni
Kijana, umegusa mpaka wa kanuni yenyewe. Alama za chanya na hasi zinatosha kwa mwendo wa mstari mnyoofu tu. Kwenye kona velositi yako inabadilika kwa sababu uelekeo unabadilika, kwa hiyo mchapuko upo, nao unaelekea katikati ya kona, umekaa kwa pembe mraba na mwendo wako. Sehemu ya mchapuko iliyo sambamba na mwendo ndiyo inayogusa spidi, na kwako sehemu hiyo ni sifuri.

Mhitimu wa Zamani
Nimekubali kuhusu breki. Lakini Mama, pale juu kabisa, sekunde ya 2, mpira unaongeza au unapunguza? Velositi ni sifuri, haina alama ya kulinganisha.

Mama Fizikia
Mimi husema haufanyi lolote kati ya hayo mawili. Spidi iko chini kabisa ya grafu, na grafu ya spidi ina ncha pale, inashuka upande mmoja na kupanda upande wa pili.

Mwalimu wa Jioni
Hapo ninatofautiana nawe, dada. Mchapuko bado ni −10, na kila lahaza inayofuata spidi ni kubwa zaidi, kwa hiyo ninaona mpira umekwisha kuanza kuongeza mwendo. Mwanafunzi mmoja ameandika kama wewe, mwingine kama mimi, na karatasi zao zote mbili bado ziko mezani bila alama.