Nywele zinatoka na ngozi inababuka puani na mdomoni: nibadilishe sabuni au nini?

Kijana_wa_Malaba
Habari zenu wakubwa. Nina miaka 27, niko Malaba upande wa Uganda. Wiki tatu sasa ngozi imekuwa nyekundu na kutoa magamba pembeni mwa pua, kwenye pembe za mdomo na kuzunguka macho. Nywele nazo zinabaki kwenye taulo. Nilipaka mafuta ya fangasi siku kumi, hayakusaidia. Mwili umelegea na vidole vya miguu vina ganzi. Nakula vizuri, sinywi pombe. Kuna sabuni mnayoijua?

Mama_Trei
Pole mwanangu. Vijana wa siku hizi mnapaka kila kitu usoni. Acha krimu zote, oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya mche.

Maabara_Mbale
Pole sana ndugu. Upele unaokaa macho, pua na mdomo kwa pamoja, nywele zikitoka na vidole vikifa ganzi, hautokani na sabuni. Hapo kuna kitu kimepungua mwilini. Huenda ni madini ya zinki, huenda ni vitamini mojawapo. "Nakula vizuri" maana yake nini? Taja kuanzia asubuhi.

Kijana_wa_Malaba
Asubuhi napata mayai, mchana posho na maharage, jioni wali au matoke na mchuzi wa karanga. Naenda jimu siku tano kwa wiki.

Maabara_Mbale
Mayai mangapi, na yanapikwaje?

Kijana_wa_Malaba
Ni ute tu. Mayai 12, nauchanganya kwenye blenda na ndizi moja, nakunywa. Viini nampa jirani anayekaanga rolexi, zile chapati za kukunjwa na mayai. Lakini mayai ni chakula safi, sidhani kama ndiyo shida. Nimefanya hivyo wiki sita tu na kifua kimeanza kujaa.

Nesi_Busia
Mabichi? Kaka, hapo ndipo penye shida. Ute mbichi una avidini, na avidini inaharibu vitamini zote za B. Ukila hata yai moja bichi umekwisha. Vidonge navyo havitakusaidia, kila utakachomeza kitaliwa na avidini.

Maabara_Mbale
Nesi umeshika mzizi, ila matawi yamekupotea. Avidini haigusi vitamini zote za B, inanasa moja tu, biotini. Na haiiharibu, inaikumbatia. Molekuli moja ya avidini ina nafasi nne, kila nafasi inashika biotini moja, na mshiko wenyewe ni miongoni mwa mishiko migumu kuliko yote inayojulikana kati ya protini na kitu kidogo. Tindikali ya tumbo haiuachanishi. Utumbo hauwezi kuisharabu biotini iliyofungwa hivyo, kwa hiyo inatoka na choo ikiwa nzima.

Tupige hesabu yake. Ute wa yai moja una avidini ya kutosha kunasa takriban maikrogramu 25 za biotini. Mtu mzima anakadiriwa kuhitaji 30 kwa siku. Ute wa mayai 12 unaweza kunasa kama 300, yaani mara kumi ya hitaji lake. Na kiini, ambacho ndicho chenye biotini ya yai, anamgawia jirani. Hata angekula yai zima likiwa bichi asingefidia, kwa sababu yai zima lina biotini kama maikrogramu 10 tu.

Yai moja bichi mara mojamoja halimmalizi mtu. Tatizo ni wingi, kila siku, kwa muda mrefu.

Mfugaji_Mukono
Asanteni kwa uzi huu. Vifaranga wangu wa wiki tatu wana miguu iliyopasuka chini na midomo ina magamba. Fundi wa dawa alitaja biotini. Je, ni kwa sababu kuku wangu wanadonoa mayai yao? Nina 500.

Maabara_Mbale
Mfugaji, vifaranga wa wiki tatu hawatagi, kwa hiyo si mayai yao. Anza kwa kushika matandiko: yakiwa mabichi, yananata na yananuka mkojo, miguu huungua bila upungufu wowote. Yakiwa makavu na bado midomo na macho yana magamba, angalia chakula. Biotini iliyomo kwenye ngano haipatikani vizuri kwa kuku, ile ya mahindi na soya inapatikana. Fungua uzi wako, huu tumwachie kijana.

Kijana_wa_Malaba
Nimewaelewa, lakini nishapata njia. Juzi nimenunua vidonge vya biotini vya maikrogramu 10,000, nameza kimoja na ute wangu asubuhi. Kama avidini inanasa 300, si zinabaki 9,700? Trei nne nishalipia, siwezi kuacha sasa.

Nesi_Busia
Nilishasema vidonge havisaidii.

Maabara_Mbale
Kwa hesabu, kijana yuko sahihi. Avidini ikishajaa haina nafasi nyingine, kinachozidi kinasharabiwa. Ninachokataa ni kuwasha moto bila sababu kisha kununua dawa ya moshi. Protini ya yai bichi utumbo unaichukua karibu nusu tu, ya yai lililopikwa ni zaidi ya asilimia 90. Ute wa mayai 12 mabichi unakupa faida ya kama ute wa mayai 7 yaliyopikwa, na juu yake unabeba hatari ya salmonela. Kifua unachokijenga kingejengeka kwa trei chache zaidi.

Swali jingine: kuna daktari amekuona? Amekuandikia vipimo?

Kijana_wa_Malaba
Ndiyo, kesho asubuhi napima thairoidi. Sikumwambia habari za vidonge wala mayai, hakuuliza.

Maabara_Mbale
Usipime kesho. Mashine nyingi za kupima homoni zinatumia biotini kama kamba ya kunasia, na upande wa pili kuna streptavidini, ndugu yake avidini atokaye kwa bakteria. Biotini ya kidonge chako ikijaa kwenye damu, inazikalia nafasi zile. TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi, itasomeka chini kuliko ilivyo, na T4, homoni ya tezi yenyewe, juu kuliko ilivyo. Karatasi itasema tezi yako inafanya kazi kupita kiasi wakati ni nzima, na unaweza kuandikiwa dawa usiyoihitaji. Baadhi ya vipimo vya moyo na vya mimba vinadanganyika kwa njia hiyohiyo. Acha kidonge siku mbili kamili, kwa dozi yako mimi ningesubiri tatu, na uwaambie maabara wakuandikie kwenye fomu.

Afande_Mstaafu_Jinja
Samahanini, mimi siamini kisa hiki. Mwaka 1942 kule Marekani Sydenstricker na wenzake waliwalisha watu wanne chakula chenye biotini kidogo, na asilimia 30 ya kalori ikatoka kwenye ute mkavu. Ngozi zao zilianza kutoa magamba wiki ya tatu hadi ya nne, uchovu, maumivu ya misuli na kukosa hamu ya kula vikafuata. Sasa hesabuni: ute wa yai moja ni kalori kama 17. Kwa anayekula kalori 2,500, asilimia 30 ni ute wa mayai zaidi ya 40 kila siku! Huyu anakunywa 12, anakula maharage na karanga zenye biotini, na anakunywa alfajiri wakati karanga zinaingia jioni. Halafu wiki tatu tu tayari ana dalili zote kama zilivyo kitabuni? Mtu amesoma mahali akaja kututungia. Watu wanatumia muda wao hapa kusaidia.

Mama_Trei
Na mimi nilishangaa. Kijana, kama ni uongo sema tu.

Maabara_Mbale
Hesabu ya afande ni nzuri, na hoja ya saa ya kunywa ina uzito, kwa sababu avidini hunasa inachokutana nacho. Ingawa utumbo wenyewe humwaga biotini kidogo kisha huirudisha mwilini, na hiyo nayo inanaswa. Hata hivyo wiki tatu ni haraka mno. Kijana, kuna dawa yoyote unayomeza kila siku?

Kijana_wa_Malaba
Sikutaka kuandika hili hadharani. Nina kifafa. Nameza karbamazepini mwaka wa pili huu. Jimu hawajui, na watu wa hapa wakisikia kifafa wanakukimbia. Sikutunga kitu, afande.

Afande_Mstaafu_Jinja
Nafuta maneno yangu, mwanangu. Uniwie radhi.

Maabara_Mbale
Ahsante kwa kusema. Hiyo inajaza pengo. Karbamazepini huzuia biotini kupenya utumboni na huharakisha kuvunjwa kwake mwilini. Inawezekana uliingia kwenye mayai akiba ikiwa tayari ndogo, wiki sita zikamaliza kilichobaki.

Sasa sikiliza vizuri: usiache karbamazepini, wala usipunguze hata nusu kidonge kwa ajili ya uzi huu. Kinachoachwa ni ubichi wa yai. Mpigie daktari leo, mtajie mayai, kidonge cha biotini na dawa ya kifafa, vyote vitatu.

Nesi_Busia
Naongeza: apime biotini ya damu.

Maabara_Mbale
Kipimo hicho kinaweza kutoka kawaida ilhali mtu amepungukiwa. Chenye maana zaidi ni asidi ya 3-haidroksiisovaleriki kwenye mkojo, hupanda kimeng'enya kinachotegemea biotini kikikwama, lakini maabara chache zinaipima. Njia ya kawaida ni kuondoa chanzo, kurudisha biotini kwa dozi atakayoipanga daktari, na kuangalia. Wale wanne wa 1942 walipewa maikrogramu 150 hadi 300 kwa siku na wakaanza kupata nafuu ndani ya siku chache. Elfu kumi ni nyingi bila sababu. Magamba yakipona na ganzi ikabaki, au nywele zikaendelea kutoka baada ya miezi kadhaa, basi kuna jingine, na tezi lazima ipimwe vizuri. Mimi sisemi tezi ni nzima.

Kijana_wa_Malaba
Nimempigia. Kipimo kimesogezwa hadi Jumatatu, na vidonge vya biotini amesema niviache kwanza. Mayai nitapika. Naweza kumwagia maji ya moto tu kwenye kikombe?

Maabara_Mbale
Hapana. Ute unaanza kuwa mweupe ukipita kidogo nyuzi 60, lakini avidini inahitaji kama 85 ndipo ivunjike. Ute mweupe unaotetemeka bado unayo nyingi. Kuupiga kwenye blenda, kuugandisha au kuukausha hakuivunji. Chemsha yai zima dakika 10 hadi 12 tangu maji yachemke. Huku kwetu juu maji huchemka kama nyuzi 96, bado yanatosha. Na kiini usimpe jirani.

Mama_Trei
Na rolexi je? Wajukuu wangu wanaila kila jioni.

Maabara_Mbale
Mama, ikunjue kabla hawajala. Yai likiwa kavu hadi katikati, hakuna neno. Likivuta utelezi, mrudishie mwenye kikaango aligeuze tena.