Naomba ushauri: kiwango cha punguzo kwa kampuni ndogo isiyo kwenye soko la hisa

Habari zenu wakuu. Nathamini kampuni ndogo ambayo hisa zake haziuzwi sokoni, na nimekwama kwenye wastani wa gharama ya mtaji. Mkopo ni asilimia 5 tu ya mtaji wote. Riba ni asilimia 12 na kodi asilimia 30, hivyo baada ya kodi mkopo unagharimu asilimia 8.4.

Beta nimeitoa kwa kampuni zinazofanana zilizoko sokoni. Nilipoondoa athari ya madeni yao ilibaki 0.9. Nimetumia asilimia 9 isiyo na hatari na 8 ya fidia ya hatari ya soko. Kwa deni la asilimia 5, wastani ni 16.1.

Awali nilichukua uzito wa sekta, deni asilimia 30, nikapata 14.0. Kumbe nilisahau kupandisha beta ilingane na deni hilo! Niliporekebisha ikawa 15.4.

Nishike uzito upi, ikiwa mwenye kampuni hana mpango wa kukopa zaidi? Na hatari ya kumtegemea mteja mmoja mkubwa niiongeze kwenye gharama ya hisa, au nipunguze makadirio ya mapato? Naogopa kuihesabu mara mbili.