Butloda inajibu OK, kifaa kimekufa. Cheksamu ya nini basi?

mwanzisha_uzi: Nimechoka na nina hasira. Nimekabidhiwa mradi wenye butloda ya siriali, nikaambiwa imekamilika. Natuma programu mpya kwa UART, inaandika, inajumlisha baiti zote, inalinganisha na jumla niliyotuma, inajibu OK. Nikiwasha upya, kimya. Siku 3 zimekwenda hivyo! Leo nimesoma flashi yote na kuilinganisha na faili la baiti 34,900. Baiti 34,816 za mwanzo ziko sawa kabisa, 84 za mwisho zimeharibika. Cheksamu imezipitishaje?

nyaya_tatu: Jumla ni dhaifu, ndugu. 0x12 kisha 0x34, au kinyume chake, zote zinatoa 0x46. Weka CRC-32, tatizo litaisha.

mzee_wa_solda: Punguza spidi. Yangu ilikuwa ikipoteza baiti kwa 115200 kila ukurasa ukifutwa, kwa sababu kompyuta haikusubiri jibu kabla ya kutuma pakiti inayofuata.

mwanzisha_uzi: Mzee, hazipotei. Nimezihesabu, zinafika zote.

biti_sifuri: Ukurasa wa flashi yako ni baiti 1,024, sivyo? 34 × 1,024 ni 34,816, palepale panapoanza kuharibika. Nenda kwenye mstari wa kufuta, nadhani utakuta hivi:

```c
pages = size / 1024;
```

Mgawanyo huo unatupa baki, kwa hiyo ukurasa wa 35 haufutwi. Programu ya zamani ilifika humo, na kwenye flashi kuandika hushusha biti kutoka 1 kwenda 0 tu. Palipokuwa na 0xA5, ukiandika 0x3C unapata 0x24. Inatakiwa hivi:

```c
pages = (size + 1023) / 1024;
```

Nyaya, hata CRC-32 ingejibu OK hapa. Wanapiga hesabu kwenye bafa ya RAM baiti zinapoingia, yaani wanakagua waya. Maliza kuandika kwanza, halafu isome flashi yenyewe tangu baiti ya kwanza na uihesabu hiyo.

mwanzisha_uzi: Mstari ni huohuo, neno kwa neno! Na kweli, hakuna mahali flashi inaposomwa tena. Nimerekebisha yote mawili, kifaa kimewaka. Ila hasira haijaisha: kama ukaguzi ukikataa, programu ya zamani si imeshafutwa?

biti_sifuri: Imeshafutwa. Ndiyo maana alama ya "programu ni nzima" huandikwa mwisho kabisa, baada ya ukaguzi. Isipokuwepo, butloda ibaki ikisubiri faili jipya, isiruke kwenda kwenye programu.

nyaya_tatu: Mimi ningegawa flashi mara mbili, ya zamani ibaki hadi mpya ikubaliwe.

mwanzisha_uzi: Flashi yangu ni 64 KB na butloda imekula 8. Inabaki 28 kwa kila upande, na faili langu limeshapita 34. Kuna aliyewahi kulibana?