Naomba ushauri: ngoma ya ngozi kama mzigo wa kukabidhi kwenye ndege

Ndugu wanakikundi, shikamooni wakubwa. Nipo Bagamoyo na ninatarajia kupanda ndege Dar es Salaam nikiwa na ngoma ya ngozi ya ng'ombe, ambayo nimeizungushia blanketi ndani ya boksi lenye urefu wa sentimita 75, upana 45 na kimo 45. Uzito haunitishi, kwa kuwa ni kilo 19 tu. Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vikijumlishwa hufika 165, ilhali kikomo cha tiketi yangu ni 158. Boksi dogo nimelijaribu, lakini blanketi halikuenea.

Je, ukubwa huo niutolee taarifa mapema, au kaunta inatosha? Na nikisaini lebo ya mzigo dhaifu, nitaweza kudai fidia ngozi ikipasuka?